Mbweha Ndani ya Tempe

Ripoti yenyewe ilikuwa na sentensi saba tu. Niliiandika kwa mkono mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza Kiindonesia katika mji wa Malang, Java Mashariki, siku moja baada ya darasa letu kutembelea Sanan, mtaa unaojulikana kwa familia zinazotengeneza tempe majumbani. Tempe ni soya iliyochemshwa, ikamenywa, ikatiwa chachu ya kuvu, kisha ikaachwa siku mbili hivi mpaka nyuzi nyeupe za kuvu zishikamanishe punje zote zikawa kipande kimoja kinachokatika kwa kisu. Mwalimu aliirudisha ripoti ikiwa na miviringo minane ya wino mwekundu. Habari za tempe zilikuwa sahihi zote. Miviringo yote ilikaa juu ya vitenzi, na yote ilihusu vipande vitatu vidogo: "me-", "ber-" na "-kan".

Hii hapa ripoti, kama nilivyoiandika:

"Kemarin kami berkunjungi rumah pembuat tempe di Sanan. Ibu pemilik menceritakan tentang sejarah usahanya. Di sana ada lima orang yang berkerja. Mereka mengkupas kulit kedelai dan mensimpan kedelai di ember. Ragi merubah kedelai menjadi tempe. Kami meminjamkan celemek dari ibu pemilik. Sesudah itu ibu pemilik membeli kami es teh."

Nilikusudia kusema kwamba jana tulitembelea nyumba ya mtengeneza tempe huko Sanan. Mama mwenye nyumba akatusimulia historia ya biashara yake. Kulikuwa na watu watano wanaofanya kazi, wanamenya maganda ya soya na kuihifadhi kwenye ndoo. Chachu hubadilisha soya kuwa tempe. Tuliazima aproni kutoka kwa mama. Halafu akatununulia chai ya barafu. Mtu wa Malang angenielewa bila shida. Ila akiisoma neno kwa neno, tulimkopesha mama aproni zilizotoka kwake mwenyewe, kisha mama akatununua sisi wenyewe, na katikati ya ndoo za soya amepita mbweha.

Nianze na kosa ambalo halikuonekana kwenye karatasi lakini ndilo mama wa mengine. Mswahili akiona "membeli" au "mencuci", sikio lake linakimbilia kwenye "-me-" ya "amenunua" na "amefua". Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiamini, bila kujiambia, kwamba "me-" inaonyesha tendo lililokwisha. Sivyo. Kitenzi cha Kiindonesia hakibebi wakati kabisa. Ukitaka kusema jambo limekwisha unaweka neno "sudah" mbele yake, na kama linakuja unaweka "akan". Kazi ya "me-" ni nyingine: mara nyingi inatangaza kwamba kiima ndiye mtendaji na kwamba kuna kitu kinachotendwa. "Cuci" ni mzizi wa kuosha, "mencuci" ni kuosha kitu. Ukigeuza sentensi ili kitu kiwe mbele, "me-" inaondoka na "di-" inachukua nafasi yake: "dicuci", huoshwa. Ile "di-" tutairudia, maana ndiyo iliyoniokoa.

Ugumu wa "me-" ni kwamba haitulii. Jikoni Sanan, kuloweka ni "merendam", kuchemsha ni "merebus", kufunga kwenye jani ni "membungkus", kuosha ni "mencuci", kukaanga ni "menggoreng". Kiambishi ni kilekile, ila mkia wake unageuka m, n au ng kulingana na herufi inayofuata, au unapotea kabisa mbele ya herufi kama r na l. Hilo halimsumbui Mswahili hata kidogo, kwa kuwa sisi tunasema "mbao" na "ndimi" bila kufikiri. (Na "ng" ya Kiindonesia inasomwa kama "ng'" yetu ya ng'ombe; "mengupas" ni meng'upas.)

Mswahili anajikwaa kwenye herufi nne: p, t, k na s. Mzizi unaoanza na herufi hizo unaimeza herufi yake ya kwanza mara kiambishi kinapofika. "Potong" (kata) inakuwa "memotong", "tutup" (funika) inakuwa "menutup", "kupas" (menya) inakuwa "mengupas", na "simpan" (hifadhi) inakuwa "menyimpan". Mimi niliandika "mengkupas" na "mensimpan", kwa sababu niliona ni utovu wa adabu kuivunja mizizi ya watu.

Mwalimu wetu, ambaye tulimwita Ibu kama mwalimu yeyote wa kike anavyoitwa kule, aliniuliza kama lugha yangu inapenda kutamka ng na k kwa pamoja mwanzoni mwa neno. Nikatafuta mifano, nikakuta kitu ambacho sikuwahi kukiona katika lugha niliyozaliwa nayo. Wingi wa "ubao" ni "mbao", wa "ulimi" ni "ndimi". Basi kwa nini wingi wa "ukuta" ni "kuta" na si "nkuta"? Kwa nini "upande" ni "pande" na "utepe" ni "tepe"? Kwa sababu sauti ya puani ilipokutana na k, p au t, mmoja alilazimika kuondoka, na kwa Kiswahili aliyeondoka ni wa puani. Kwa Kiindonesia ni kinyume: wa puani anabaki, k, p, t na s zinaondoka. Lugha mbili zimekutana na msongamano uleule mlangoni, kila moja ikamtoa mtu wake. Tangu siku hiyo sikuandika tena "mensimpan".

Hata wenyeji wanateleza hapa, hasa kwa maneno yaliyoingia karibuni. Utakuta "mensukseskan" (kufanikisha) kwenye mabango, wakati kanuni inataka "menyukseskan", na "mempengaruhi" (kuathiri) imeenea kiasi kwamba "memengaruhi", iliyo sanifu, inaonekana kwa wengi kama kosa la uchapaji. Kanuni nayo ina mpaka wake. Mzizi ukianza na konsonanti mbili zilizobanana, hakuna kinachomezwa: kuzalisha ni "memproduksi" na kukosoa ni "mengkritik", p na k zikiwa mahali pake.

Sasa tuje kwa mbweha. Kubadilisha ni "mengubah", kutokana na mzizi "ubah". Kubadilika, bila mtu wa kukibadilisha kitu, ni "berubah". Hapo kuna mtego. "Berubah" ni "ber-" na "ubah", lakini "ber-" hupoteza r yake ikikutana na mzizi unaoanza na r, kwa hiyo sikio linaweza kulikata neno mahali pengine: "be-" na "rubah". Ukishakata hivyo, unaongeza "me-" kwa uaminifu kabisa na kupata "merubah". Bahati mbaya "rubah" ni neno halali lenye maana yake, na maana yake ni mbweha. Chachu yangu ilikuwa ikiifanya soya kuwa mbweha.

Sikulizua neno hilo. Nililisikia siku ileile kutoka kinywani mwa mama wa tempe, aliyeshika pakiti ya chachu na kutueleza kinachofanya kazi. Waindonesia wengi wanasema "merubah", na mama huyo ametengeneza tempe maisha yake yote bila mbweha hata mmoja kumsumbua. Nilipojitetea hivyo, Ibu alicheka. "Mas," aliniambia, akiniita kaka kwa desturi ya Wajava, "kwenye mazungumzo mbweha huyo tumeshamfuga. Kwenye ripoti bado ni wa porini."

Sikumwona mama yule kuwa mjinga, maana kukata neno pasipo kiungo ni jambo sisi tumelifanya hadi likawa sheria. Kitabu kwa Kiarabu ni neno zima, "ki" yake ni sehemu ya mzizi. Waswahili walisikia "ki-", wakadhani ni ile ya kiti na kisu, wakazaa "vitabu". Madereva wakachukua kibao cha Kiingereza cha mzunguko wa barabara, wakapata kipilefti, na palipo na miwili ni vipilefti. Tofauti ni kwamba kwetu mkato mpya ulishinda, na kwao kamusi sanifu bado inaukataa.

"Ber-" ina mizaha mingine ya namna hii. Kuna neno "beruang", ambalo likisimama zima ni dubu. Likikatwa "ber-" na "uang", ni mwenye pesa. Likikatwa "be-" na "ruang", ni chenye nafasi au chumba. Maandishi ni yaleyale, na ni sentensi peke yake inayoamua kama jirani yako ni tajiri au ana manyoya.

Kosa langu la "berkerja" lilikuwa dogo, na dawa yake ni ya sikio. Mzizi ni "kerja", na silabi yake ya kwanza, "ker", inaishia kwa -er. Kiindonesia hakipendi -er mbili zifuatane, kwa hiyo ile ya kiambishi inadondosha r: "bekerja". Kufuga, kutoka "ternak", ni "beternak" kwa sababu hiyohiyo. Kujifunza, kutoka "ajar", ni "belajar", yenye l ambayo nimeshauriwa niikariri tu na nisiiulize maswali.

Zito zaidi ni swali la nini "ber-" inaweza kubeba. Kwa kawaida kitenzi cha "ber-" hakina yambwa. Kinaeleza hali au tendo linaloishia kwa mtendaji: anafanya kazi, anabadilika, anafikiri. Ukitaka kutaja kitu au mahali, unahitaji kihusishi. Kwa hiyo "berkunjung ke rumah" ni kwenda kutembelea kwenye nyumba, wakati "mengunjungi rumah" ni kuitembelea nyumba, nyumba ikiwa yambwa kamili, na ile "-i" ya mwisho ndiyo inayoipa nafasi hiyo. Mimi nilichukua kichwa cha neno la kwanza na mkia wa pili, nikaunda "berkunjungi", mnyama asiye na jina hata kwenye kamusi inayomjua mbweha.

Duara la sentensi ya pili linatokana na jambo hilohilo likitazamwa kutoka upande wa pili. "Bercerita tentang sejarah" ni kusimulia kuhusu historia. "Menceritakan sejarah" ni kuisimulia historia. "Tentang" maana yake ni kuhusu, na "menceritakan" tayari imeshaimeza kuhusu hiyo ndani ya "-kan" yake. Mimi niliziweka zote mbili. Msomaji anayedhani hilo ni kosa la kigeni asikilize redio yetu jioni moja: mtangazaji ataahidi "kuzungumzia kuhusu" bei ya mahindi. Kuzungumza kuhusu bei, sawa. Kuzungumzia bei, sawa. Zote kwa pamoja ni mtu aliyevaa kofia mbili. Waindonesia wana kofia hizo hizo, na "membahas tentang" (kujadili kuhusu) hukuta imejaa kwenye ripoti za wanafunzi wazawa.

Nikagundua hapo kwamba "-kan" inafanya kazi ya viambishi vyetu viwili. Wakati mwingine ni "-ia" au "-ea": "berpikir" ni kufikiri na "memikirkan" ni kufikiria jambo, mzizi wenyewe ukiwa ndugu wa damu wa fikiri yetu, wote watoto wa Kiarabu. Wakati mwingine ni "-isha" au "-esha": "sebab" ni sababu, na "menyebabkan" ni kusababisha, s ikiwa imemezwa kama sheria inavyotaka. Mswahili anayejua kutendea na kutendesha ameshavuka nusu ya mto. Nusu inayobaki ni kujua, kwa kila mzizi, ni ipi kati ya kazi hizo mbili "-kan" imechagua.

Kwa "pinjam" imechagua kutendesha. "Meminjam" ni kukopa, "meminjamkan" ni kukopesha. "Menyewa" ni kukodi, "menyewakan" ni kukodisha, na ubao wenye neno hilo la pili mbele ya nyumba unasema chumba kinapangishwa. Ningefikiria kukopa na kukopesha nisingekosea. Lakini kichwani nilikuwa na neno kuazima, na kuazima yetu inaenda pande zote mbili: nimeazima kitabu kwake, nimemwazima kitabu changu. Kiswahili kilinilea bila kunidai nitofautishe, na nilipofika Malang nikaona bora niweke "-kan", kwa kuwa neno refu lilionekana la heshima zaidi kwenye ripoti. Sahihi ilikuwa "kami meminjam celemek dari ibu pemilik". Ikiwa mama ndiye kiima, basi ni "ibu pemilik meminjamkan celemek kepada kami".

Kwa "beli" imechagua kutendea. "Membeli" ni kununua, na kinachokuja mara baada yake ndicho kilichonunuliwa. Nilipoandika "membeli kami", chai ya barafu ilikuwa bado njiani lakini sisi tulishalipiwa. "Membelikan kami es teh" ni kutununulia chai: "-kan" inafungua nafasi ya anayefaidika, na mtu huyo anaketi karibu na kitenzi kama vile "-tu-" inavyokaa ndani ya "akatununulia". Unaweza pia kukwepa kwa kusema "membeli es teh untuk kami", yaani kwa ajili yetu, na hakuna atakayekulaumu. Kwa hiyo sentensi mbili zilizofuatana zilikuwa na makosa yanayopishana. Kwenye moja niliweka "-kan" isiyotakiwa, kwenye nyingine nikainyima iliyotakiwa.

Labda unajiuliza inakuwaje mtu aishi mjini miezi kadhaa asisikie hayo. Jibu ni kwamba mtaani hayasikiki sana. Mazungumzo ya kila siku huangusha "me-" ovyo: "saya beli", nimenunua au nanunua, inatosha dukani. Vijana wa Jakarta huibakiza puani tu, wakasema "nyuci" kwa mencuci na "ngopi" kwa kunywa kahawa. Malang nako watu wanaongea Kijava nyumbani, chenye utaratibu wake wa puani. Kwa hiyo mgeni hujifunza kwa masikio vitenzi vilivyo uchi, kisha siku ya ripoti anatakiwa kuvivalisha, na nguo hajaziona zikivaliwa.

Kamusi haisaidii kwa haraka. Kamusi kubwa ya lugha hiyo, "Kamus Besar Bahasa Indonesia", ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1988, imepangwa kwa mizizi, kama vile kwetu "anayemsomea" unamtafuta kwenye soma. "Menyimpan" iko chini ya s. Lakini je, "mengukur" iko wapi? Ikiwa unapima ubao, iko chini ya "ukur". Ikiwa unakuna nazi, iko chini ya "kukur", k ikiwa imemezwa. Lazima ujue mzizi kabla hujaenda kuutafuta.

Hapa ndipo Ibu aliponifundisha kutumia "di-". Tofauti na "me-", yenyewe haigusi mzizi hata kidogo. Kila ninapokuwa na shaka ninaigeuza sentensi kimoyomoyo. Soya imefanywaje? "Dikupas", "disimpan": mizizi inajitokeza na herufi zake zote, kisha ninarudi kwenye "me-" na kumeza kinachostahili kumezwa. Nazi "dikukur", ubao "diukur". Kipimo hicho kinafichua pia kitenzi kisichobeba yambwa: nyumba "dikunjungi" ndiyo, lakini huwezi kubandika "di-" juu ya "berkunjung". Udhaifu wake ni kwamba kinategemea sikio lililolelewa vizuri. Anayesema "merubah" atasema pia "dirubah" bila kupepesa jicho, na huyo hana budi kwenda kwenye kamusi akakute "ubah".

Nikafikiri nimefika. Nilijiwekea sheria kwamba "ber-" na "-kan" hazikai pamoja kamwe, mpaka nilipoona kwamba karibu kila ripoti iliyopita mezani ina "berdasarkan", kwa msingi wa. Kuna na "beralaskan daun pisang", kilichotandikiwa jani la mgomba, maneno yanayofaa sana nyumba ya tempe. Miundo hiyo ipo, ni ya maandishi zaidi, inabeba neno baada yake, na bado inakataa "di-". Nikaifuta sheria.

Niliandika ripoti upya. "Kemarin kami mengunjungi rumah pembuat tempe di Sanan. Ibu pemilik bercerita tentang sejarah usahanya. Di sana ada lima orang yang bekerja. Mereka mengupas kulit kedelai dan menyimpan kedelai di ember. Ragi mengubah kedelai menjadi tempe. Kami meminjam celemek dari ibu pemilik. Sesudah itu ibu pemilik membelikan kami es teh." Niliridhika nayo kiasi cha kuongeza sentensi ya nane, ya kisomi, kusema kwamba tulichunguza hatua za kutengeneza tempe. Kuchunguza kitaalamu kuna mzizi "kaji". K, basi inamezwa. Nikaandika kwa mkono usiotetemeka: "Kami mengaji proses pembuatan tempe."

Kumbe "kaji" ni miongoni mwa mizizi michache ambayo wenyewe wameigawa makusudi. K ikimezwa, "mengaji" ni kusoma Kurani, kama watoto wanavyofanya jioni msikitini. K ikibaki, "mengkaji" ni kuchunguza jambo kwa kina. Karatasi ilirudi na mviringo mmoja tu, na pembeni yake Ibu ameandika: "Surah apa, Mas?" Sura gani, kaka?